Kampuni Haina Moyo, Nia Ovu Itatoka Wapi?

Mwanzoni mwa mwaka 2013 serikali ya Tanzania ilikopa dola milioni 600 za Marekani kwa kuuza hati fungani kwa wawekezaji wa nje. Kazi hiyo ilisimamiwa na benki mbili za ukoo mmoja: Stanbic ya Dar es Salaam na Standard Bank ya London. Zote mbili zilikuwa chini ya kundi moja lenye makao yake Afrika Kusini, lakini kila moja ilikuwa kampuni yake, yenye usajili wake na bodi yake. Jambo hilo la kila moja kuwa kampuni yake linaonekana la makaratasi tu. Kumbe ndiko kesi nzima ilikokuja kukwama.

Awali ada iliyotajwa ilikuwa asilimia 1.4 ya mkopo. Baadaye ikapanda hadi 2.4. Ile asilimia moja ya nyongeza, yaani dola milioni 6, ilikwenda kwa kampuni moja ya Dar es Salaam iliyotajwa kuwa mshirika wa ndani, ambayo mwenyekiti wake alikuwa afisa mkubwa wa serikali. Hakukuonekana kazi ya maana iliyofanywa na kampuni hiyo. Fedha ziliingia kwenye akaunti yake hapo hapo Stanbic mwezi Machi, na ndani ya siku chache sehemu kubwa ilikuwa imeshatolewa taslimu. Wafanyakazi wa tawi ndio waliohoji mambo yale, wakapeleka habari juu.

Benki ya London ilijisalimisha yenyewe kwa taasisi ya Uingereza inayochunguza ulaghai mkubwa. Tarehe 30 Novemba 2015, Jaji Brian Leveson aliidhinisha makubaliano ya kuahirisha mashtaka, ya kwanza ya aina hiyo katika historia ya Uingereza. Chini ya makubaliano ya namna hii kampuni hushtakiwa, lakini kesi husimamishwa mradi itimize masharti; ikiyatimiza, kesi hufutwa. Hesabu yenyewe inavutia kuifuata. Benki ilirudisha ada yake yote, dola milioni 8.4. Kwa faini, mahakama ilichukua ada hiyo hiyo ikaizidisha mara tatu, ikapata milioni 25.2, kisha ikapunguza theluthi kwa sababu ya ushirikiano, ikabaki milioni 16.8. Serikali ya Tanzania ikarudishiwa dola milioni 6 pamoja na riba iliyozidi milioni moja.

Sasa soma hati ya mashtaka. Benki ya London haikushtakiwa kwa kutoa hongo. Ilishtakiwa kwa kushindwa kuzuia hongo. Kwa mtu wa kawaida hayo ni maneno ya mawakili, lakini mbele ya sheria ya jinai kati ya makosa hayo mawili kuna bahari. Kutoa hongo ni kosa la nia: lazima mtoaji awe amekusudia kumfanya mpokeaji aende kinyume na wajibu wake. Kushindwa kuzuia hakudai nia yoyote. Inatosha kwamba mtu anayeitumikia kampuni alitoa hongo ili kampuni ipate biashara, na kampuni haikuwa imeweka taratibu za kutosha za kumzuia. Jaji alisema wazi kwamba hapakuwa na ushahidi kuwa mfanyakazi yeyote wa London alijua kuna hongo. Wale waliodaiwa kuwa na nia hiyo walikuwa Dar es Salaam, katika kampuni nyingine.

Hapo ndipo linapoingia swali gumu ambalo mahakama za Kiingereza zimelihangaikia kwa zaidi ya karne moja, na ambalo bunge lao lilijaribu kulijibu upya mwaka 2023. Kampuni ni mtu kisheria. Inamiliki nyumba, inakopa, inashtaki na kushtakiwa. Lakini haina akili, haina dhamira, haioni haya. Makosa mengi ya jinai, kuanzia wizi hadi ulaghai, hayakamiliki mpaka upande wa mashtaka uthibitishe kilichokuwamo kichwani mwa mshtakiwa. Basi tukiiweka kampuni kizimbani, tutachungulia kichwa cha nani?

Wamarekani walijibu mapema. Mwaka 1909 Mahakama yao Kuu iliamua, katika kesi ya kampuni ya reli ya New York Central, kwamba kosa la mwajiriwa yeyote aliye kazini, akitenda kwa manufaa ya mwajiri, linaweza kuhesabiwa kuwa kosa la kampuni. Karani wa mwisho kabisa anaweza kuitia kampuni hatiani. Waingereza waliona huko ni kupita kiasi, kwa kuwa tajiri atafungiwa mzigo wa dhambi asizozijua. Wakachukua njia nyingine, wakamtafuta mtu ambaye si mtumishi wa kampuni tu bali ni kampuni yenyewe.

Mbegu ya wazo hilo ni kesi ya madai ya mwaka 1915 kuhusu meli iliyoteketea na shehena yake, ambamo Lodi Haldane alisema kwamba nia ya kampuni itafutwe kwa yule anayeiongoza na ambaye utashi wake ndio utashi wa kampuni. Mwaka 1944, katikati ya vita, wazo likavuka kuingia jinai. Kampuni moja ya ujenzi ilishtakiwa kwa sababu meneja wake wa usafirishaji aliandika kumbukumbu za uongo ili ipate vocha za petroli. Mawakili wake walidai kampuni haiwezi kuwa na nia ya kudanganya. Mahakama ikakataa: nia ya meneja ilihesabiwa kuwa nia ya kampuni. Zingatia kwamba mtu huyo alikuwa meneja wa usafirishaji, si mwenyekiti wa bodi. Wakati huo mlango ulikuwa bado wazi kidogo.

Uliofunga mlango ni mfuko wa sabuni ya unga. Septemba 1969, duka la Tesco katika mji wa Northwich lilibandika bango dirishani kwamba sabuni ya Radiant imeshuka bei, kutoka shilingi 3 na peni 11 hadi shilingi 2 na peni 11. Jioni moja mifuko ya bei ya punguzo iliisha, na mfanyakazi wa rafu akajaza ile ya bei ya kawaida bila kumwarifu meneja. Bango likabaki. Siku iliyofuata mzee mmoja mstaafu akaja akitafuta sabuni ya bango. Hakuiona, akachukua mfuko uliokuwapo, na kwenye malipo akaambiwa atoe bei kamili. Alilalamika, na mkaguzi wa vipimo na mizani akafungua kesi kwa kosa la kutangaza bei isiyo ya kweli. Meneja wa duka ndiye aliyetakiwa kukagua kila siku kwamba matangazo yanalingana na bidhaa rafuni. Siku ile hakukagua, lakini katika taarifa yake aliandika kwamba ofa zote ziko sawa.

Mahakama ya mwanzo iliitoza Tesco pauni 25. Kampuni ikakata rufaa mpaka kwa Malodi, mahakama ya juu kabisa ya wakati huo, na mwaka 1971 ikashinda. Sheria ilimpa mfanyabiashara utetezi: athibitishe kwamba kosa lilisababishwa na mtu mwingine, na kwamba yeye mwenyewe alichukua kila tahadhari. Malodi walisema meneja wa duka moja kati ya mamia ya maduka ni mtu mwingine. Yeye hutekeleza maagizo. Hatungi sera wala hakuachiwa sehemu yoyote ya mamlaka ya bodi kiasi cha kuifanya kwa hiari yake. Walio kampuni yenyewe ni bodi, mkurugenzi mtendaji, na labda maofisa wengine wachache wa juu kabisa. Lodi Denning alikuwa ameshaifananisha kampuni na mwili wa binadamu, wengine ubongo na wengine mikono. Meneja wa Northwich aliwekwa upande wa mikono.

Katika kesi ya sabuni matokeo hayo hayaudhi. Tesco ilikuwa na mfumo mzuri wa ukaguzi, na kosa lilikuwa dogo. Tatizo ni kwamba kipimo kilichoshonwa kwa ajili ya mfuko wa sabuni kilikuja kuvalishwa mambo ya vifo na mabilioni.

Tarehe 6 Machi 1987 feri ya Herald of Free Enterprise iliondoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, milango yake ya mbele ikiwa wazi. Msaidizi wa serenge aliyetakiwa kuifunga alikuwa amelala chumbani kwake. Nahodha darajani hakuwa na taa ya kumwonyesha kama milango imefungwa, ingawa manahodha wa kampuni hiyo walikuwa wamewahi kuomba taa za namna hiyo wakapuuzwa. Maji yakaingia kwenye sitaha ya magari, na kwa muda mfupi sana meli ikalala ubavu. Watu 193 walikufa. Uchunguzi wa serikali ulisema uzembe ulikuwa umeenea katika kampuni nzima, toka juu mpaka chini.

Kampuni ya feri ilishtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Jaji alikubali kwamba kampuni inaweza kushtakiwa kwa kosa hilo, na hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini upande wa mashtaka ulitakiwa umwonyeshe mkurugenzi mmoja, kwa jina, ambaye uzembe wake peke yake ulitosha kuwa jinai. Haikuruhusiwa kuokoteza uzembe wa huyu, barua iliyopuuzwa na yule na ratiba ya haraka ya mwingine, ukavijumlisha kuwa hatia moja ya kampuni. Kesi ikaanguka.

Kisha linganisha na yaliyotokea Machi 1993, vijana wanne wa shule walipozama wakiwa kwenye mitumbwi katika ghuba ya Lyme, kusini mwa Uingereza. Kituo cha michezo kilichowapeleka kilikuwa cha kampuni ndogo, na mkurugenzi wake mkuu alikuwa akiisimamia kazi yake kwa karibu. Alikuwa ameonywa kwa barua na wakufunzi wake kuhusu hatari. Mwaka 1994 yeye akahukumiwa, na kampuni ikawa ya kwanza Uingereza kutiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Ilitozwa pauni 60,000.

Kwa maoni yangu kesi hizo mbili zikiwekwa pamoja zinasema yote kuhusu ile kanuni ya zamani. Mwenye kampuni ndogo, anayefungua ofisi asubuhi na kusaini kila hundi, yuko karibu na kila kosa, na kumpata ni rahisi. Kampuni kubwa, yenye kamati juu ya kamati, hugawa maamuzi mpaka hakuna mtu mmoja anayebaki na ya kutosha kuitwa ubongo. Kadiri jambo lilivyopita mikononi mwa wengi, ndivyo kampuni ilivyozidi kuwa salama. Mkurugenzi asiyetaka kuambiwa habari mbaya alikuwa, bila kulijua hilo au pengine akilijua vizuri sana, akiilinda kampuni yake.

Kwa vifo, bunge lilitunga sheria maalumu mwaka 2007 inayoangalia jinsi wakubwa walivyosimamia na kupanga shughuli, bila kulazimika kumpata mkosaji mmoja. Kwa makosa ya fedha kanuni ya sabuni iliendelea kutawala, na mwaka 2018 ikafika mwisho wa akili.

Kesi ilikuwa ya benki ya Barclays. Wakati wa msukosuko wa fedha wa 2008 benki hiyo ilikusanya mtaji kutoka kwa wawekezaji, ikiwamo Katari, ili isilazimike kuokolewa na serikali. Waendesha mashtaka walidai kwamba mikataba miwili ya ushauri, yenye thamani ya jumla ya pauni milioni 322, ilikuwa kwa kweli ada ya ziada kwa Wakatari iliyofichwa wasiione wawekezaji wengine. Benki yenyewe ilishtakiwa pamoja na baadhi ya maofisa wake wa juu, akiwemo mkurugenzi mtendaji. Baadaye watu wote hao waliondolewa hatia, na ni haki kulisema hilo kabla ya kuendelea. Lakini mashtaka dhidi ya benki yalikuwa yameshatupwa kabla, kwa hoja ya sheria tupu: hata tukichukulia kwamba maofisa hao walikuwa na nia mbaya, je, nia hiyo ni ya benki?

Mahakama ilisema hapana. Bodi na kamati yake ya fedha ndizo zilizokuwa na uamuzi wa mwisho juu ya ukusanyaji wa mtaji ule. Mkurugenzi mtendaji alijadiliana, akapanga, akaongoza, lakini katika jambo lile hasa alibaki kuwajibika kwa bodi, na bodi haikumwachia mamlaka yote. Kwa hiyo hakuwa ubongo wa benki katika jambo hilo. Alikuwa mkono, mkono wa ngazi ya juu kabisa, lakini mkono. Jaji wa pili aliyeombwa kuifufua kesi alikubaliana na wa kwanza. Ukisoma hukumu hiyo huwezi kusema majaji walikosea kuitumia kanuni. Walifuata tu kule ilikokuwa inaelekea tangu 1971. Ila kama mkurugenzi mtendaji wa benki siyo benki, ni vigumu kumpata aliye benki.

Bunge la Uingereza likaamua kubadili swali. Sheria ya Uhalifu wa Kiuchumi na Uwazi wa Kampuni ya mwaka 2023 ina kifungu cha 196, kilichoanza kutumika tarehe 26 Desemba mwaka huo. Hakiulizi tena ni nani ubongo. Kinasema kwamba meneja mwandamizi akitenda kosa la kiuchumi, kwa mfano ulaghai, hongo, wizi, utakatishaji wa fedha au uongo katika hesabu, akiwa ndani ya mipaka ya mamlaka yake, basi kampuni nayo imetenda kosa hilo.

Uzito wote uko katika namna wanavyomweleza meneja mwandamizi. Ni mtu mwenye nafasi kubwa katika kuamua jinsi shughuli zote za kampuni, au sehemu kubwa ya shughuli hizo, zitakavyosimamiwa na kupangwa; au mwenye nafasi kubwa katika kuzisimamia na kuzipanga kwa vitendo. Maelezo hayo yalichukuliwa karibu yalivyo kutoka ile sheria ya vifo ya 2007. Cheo kilichoandikwa kwenye kadi hakihesabiki. Mtu anaweza kuitwa mshauri, asiwe na kiti kwenye bodi, na bado akawa meneja mwandamizi kwa sababu kila mtu katika kampuni anajua kwamba bila yeye mambo hayaendi.

Tuchukue kampuni ya kubuni ya kusafirisha mizigo, yenye makao London na maghala nchi nzima. Mkuu wa mauzo wa kampuni nzima, ambaye hayumo kwenye bodi, anawaandikia wateja ankara za mafuta yasiyotumika. Kwa kanuni ya zamani, wakili wa kampuni angetoa kumbukumbu za bodi zinazoonyesha kwamba bei zote hupitishwa na kamati, na mambo yangeishia hapo. Sasa mahakama itauliza mauzo ni sehemu gani ya shughuli za kampuni, na mtu huyu alikuwa na sauti gani katika kuyaendesha. Jibu si gumu: kampuni imepatikana.

Sogea ngazi moja chini, kwa meneja wa kanda mwenye maghala 6 kati ya 40. Je, hiyo ni sehemu kubwa? Sheria haikutaja asilimia. Wakili wa kampuni atapiga hesabu ya maghala, na mwendesha mashtaka atapiga hesabu ya mapato; ikiwa kanda hiyo ndiyo yenye bandari inayoingiza nusu ya fedha, hesabu zao hazitakutana. Kwa karani wa ghala moja hakuna ubishi, hahesabiki. Kwa hiyo meneja wa Tesco ya Northwich angebaki nje hata leo.

Sharti la mamlaka nalo huwachanganya watu. Hakuna kampuni inayompa mtu ruhusa ya kulaghai, kwa hiyo mtu anaweza kudhani ulaghai daima uko nje ya mamlaka. Sivyo linavyosomwa. Kinachoulizwa ni kama tendo lenyewe ni la aina ambayo mtu huyo alikuwa na mamlaka ya kulifanya, au alionekana mbele ya watu kuwa nayo. Kuandika ankara ni kazi ya mkuu wa mauzo, hivyo ankara ya uongo imo ndani. Lakini mkuu huyo huyo akiiba fedha za chama cha mazishi anachokiongoza mtaani kwao, kampuni haina lake.

Kuna ukali mwingine ambao wengi hawakuutarajia. Chini ya kifungu cha 196 si lazima kampuni iwe imefaidika, na wala kuwa na taratibu nzuri za kuzuia si utetezi. Katika kosa la kushindwa kuzuia, kampuni inaweza kuleta mafunzo yake, ukaguzi wake na namba yake ya siri ya kutolea taarifa, ikasema ilifanya inavyopasa. Hapa makabrati hayo hayatasaidia. Nia ya meneja ikithibitishwa, ni kama kampuni yenyewe ilikusudia.

Je, sheria hii ingebadili ile kesi ya hati fungani za Tanzania? Kwa jinsi ninavyoisoma, hapana. Wakubwa wa Stanbic hawakuwa mameneja wa benki ya London, walikuwa wa kampuni dada, na kifungu cha 196 huvusha nia kutoka kwa meneja kwenda kwa kampuni yake, si kwa jirani yake. Na kama ungetaka kuishtaki Stanbic yenyewe huko London, ungekutana na mpaka mwingine: ikiwa hakuna tendo lolote la kosa lililofanyika Uingereza, kampuni haiwi na hatia kwa kifungu hicho pekee, mpaka ionekane kwamba ingekuwa na hatia kwa kutenda yale yale mahali yalipotendeka. Ndiyo maana kosa la kushindwa kuzuia halikuachwa. Tangu tarehe 1 Septemba 2025 limepanuliwa kugusa ulaghai pia, kwa makampuni makubwa, yaani yanayotimiza angalau mawili kati ya haya matatu: wafanyakazi zaidi ya 250, mapato ya zaidi ya pauni milioni 36, au mali ya zaidi ya pauni milioni 18. Kosa hilo huvuka kwenda kwa yeyote anayeitumikia kampuni, ikiwamo kampuni dada, kwa sababu halijali nia ya aliye juu.

Kwetu Afrika Mashariki barabara hii mara nyingi hupitwa kutoka upande wa pili. Kifungu cha 23 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaanza na kosa la kampuni, kisha kinamgeukia kila anayehusika na uongozi wa shughuli zake na kumhesabu kuwa mkosaji, isipokuwa athibitishe kwamba hakujua bila ya uzembe wake, au kwamba alichukua hatua zote zinazofaa kuzuia kosa. Mzigo wa kujitoa uko kwake. Kifungu hicho hakisemi kampuni yenyewe inaingiaje hatiani katika kosa linalodai nia. Kwa hilo wakili wa Nairobi bado hufungua vitabu vya kesi za Kiingereza, ile ya sabuni ikiwa miongoni mwao.

Waliobadilika haraka zaidi ni wanasheria wa ndani wa makampuni ya Uingereza. Zamani swali lao lilikuwa bodi inajua nini. Sasa hukaa na chati ya uongozi na kuweka alama kwenye majina: huyu ni meneja mwandamizi, huyu siye, huyu tuna wasiwasi naye. Wengine hupata majina mia na zaidi. Ubishi mkubwa huwa juu ya watu wa katikati, kama mkuu wa ununuzi, mkuu wa teknolojia, au msimamizi wa nchi moja. Na chati huwa haitoshi. Anayechunguza kesi ya namna hii huanza na barua pepe, aone nani aliombwa ruhusa, nani alijibu kwa neno moja na jambo likafanyika, nani alinakiliwa tu kwa heshima. Maelezo ya kazi yanaweza kusema mtu hana uamuzi, na barua pepe mia mbili zikasema vingine. Februari 2025 serikali ya Uingereza ilipeleka bungeni muswada wa kuondoa mpaka wa makosa ya kiuchumi, ili kanuni ya meneja mwandamizi itumike kwa jinai za aina zote.

Kitu kimoja hakikuguswa. Bado lazima apatikane meneja mmoja ambaye kosa lote, tendo na nia, limekamilika kwake. Mkuu wa fedha akijua kwamba hesabu si za kweli lakini hakuzisaini, na mkuu wa masoko akizitangaza kwa wawekezaji bila kujua, mahakama haiwezi kuchukua ujuzi wa mmoja na mdomo wa mwenzake ikaviunganisha kuwa ulaghai wa kampuni. Lililowashinda katika kesi ya feri mwaka 1990, kwa makosa ya fedha, lingewashinda hata sasa.